Laki Moja ya Mama Haikuwa Faini

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, niliingia kidato cha pili kufundisha Uraia. Mada ilikuwa haki za raia, nikagusia dhamana kwa sentensi mbili kama kitabu kilivyogusia. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtu akitoka kwa dhamana si maana yake kesi imekwisha? Amelipa, ametoka." Darasa likacheka, ila nilipouliza nani ana jibu tofauti hakusimama mtu. Na kusema kweli, wanachuo wenzangu, siku ile hata mimi nilijibu nusu nusu nikakimbilia mada inayofuata.

Nimekuja kulielewa swali lile nyumbani kwetu Kwa Sadala, na sikufundishwa na mhadhiri. Nimefundishwa na mama mmoja jirani yetu anayeuza ndizi sokoni.

Kijana wake anabeba mizigo kwa toroli pale pale sokoni. Ijumaa moja jioni aligombana na mwenzake juu ya mzigo nani aliuwahi, ugomvi ukawa ngumi, mwenzake akapasuka juu ya jicho. Polisi wakaja, kijana akachukuliwa, kosa shambulio la kudhuru mwili. Jumamosi asubuhi mama yake akaenda kituoni, kituo ambacho sitakitaja. Akaambiwa dhamana ni laki moja. Akauza mikungu iliyokuwa sokoni kwa bei ya hasara, akakopa iliyobaki kwenye kikoba, akapeleka. Kijana akatoka saa kumi jioni. Risiti hakupewa, na hakuomba, maana kwa mawazo yake alikuwa amemaliza deni.

Hapo ndipo neno moja lilipoharibu mambo yote. Sisi tunasema "kulipa dhamana". Tunalisema vijiweni, tunalisema hosteli, hata redioni nimelisikia. Ukisema kulipa, unasema kuna deni, na deni likishalipwa mtu anakwenda zake. Lakini dhamana hailipwi, dhamana inawekwa. Ni ahadi kwamba mtu huyu ataachiwa akaendelee na shughuli zake, na tarehe akiitwa atafika. Bado hajaonekana ana kosa, na Katiba yetu ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Kesi yenyewe bado iko mezani, nzima, haijapungua hata robo.

Kwenye kituo cha polisi ahadi hiyo huwa ni maandishi. Mtuhumiwa anasaini, mdhamini wake anasaini, na karatasi inataja kiasi fulani cha fedha, tuseme shilingi laki tano. Wengi tukiona hicho kiasi tunaingia mfukoni. Hapana. Hiyo ndiyo bondi. Laki tano hiyo haitoki kwa mtu siku ile. Inatoka tu kama aliyedhaminiwa atatoroka. Ukifika tarehe zote, laki tano ile inabaki kuwa wino kwenye karatasi mpaka kesi inakwisha. Ndiyo sababu kwenye kuta za vituo vingi kuna tangazo kwamba dhamana ni haki na ni bure. Mahakama inaweza wakati mwingine kutaka fedha taslimu iwekwe, lakini hata hiyo ni amana: inapokelewa kwa risiti, na mshtakiwa akitimiza masharti inarudi kwake hata kama mwisho wa kesi atatiwa hatiani. Fedha isiyo na risiti, ndugu msomaji, jina lake unalijua.

Turudi kwa mama. Kijana alikuwa ameambiwa tarehe ya kufika mahakamani, akamwambia mama yake, na mama akajibu: "Twende tukafanye nini tena, si tumelipa?" Basi kijana akaenda zake Mirerani kutafuta kibarua. Tarehe ikafika, jina lake likaitwa, kimya. Hakimu akatoa hati ya kukamatwa. Aliporudi kijiji kumsalimia bibi yake akakamatwa, akafikishwa mbele ya hakimu, na safari hii upande wa mashtaka ukapinga asipewe dhamana, hoja yao ikiwa moja tu: alishaachiwa akatoroka. Unadhani hakimu angesema nini? Akaenda mahabusu karibu wiki tatu.

Nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganya mahabusu na kifungo. Kwa macho ni kitu kile kile: geti lile lile, ugali ule ule. Kisheria ni tofauti kama mbingu na ardhi. Kijana yule hakuwa anaadhibiwa kwa kupasua jicho la mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameshathibitisha kwamba alilipasua. Alizuiwa kwa sababu mahakama ilitilia shaka kama atarudi. Maswali ambayo hakimu hujiuliza kwenye dhamana ni ya namna hiyo: atafika? ataingilia mashahidi? yeye mwenyewe au watu wengine watakuwa salama akiwa nje? Swali la "amefanya au hajafanya" linasubiri ushahidi. Kwa hiyo ukisikia mtu amenyimwa dhamana usiseme "ameshafungwa huyo", na ukisikia amepewa usiseme "ameshinda".

Kama mfano wa sokoni ni mdogo kwako, chukua wa aliyekuwa mbunge wetu wa Hai. Siandiki siasa, kila mtu abaki na chama chake. Ila sijaona mtu mwingine ambaye maisha yake yanapitia vitu vyote hivi kimoja baada ya kingine, mpaka unaweza kufundishia darasani.

Machi 2018 Freeman Mbowe na viongozi wenzake wa Chadema walifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka yaliyotokana na maandamano ya Februari 16 mwaka ule Kinondoni. Ni siku ile ile ambayo mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, binti wa Rombo, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala. Washtakiwa walipewa dhamana yenye masharti, ikiwamo kuripoti polisi. Baadaye mwaka huo Mbowe hakuonekana mahakamani tarehe zilizopangwa. Ilielezwa kuwa alikuwa mgonjwa na alikwenda nje ya nchi kwa matibabu. Mwenzake Esther Matiko naye alikuwa amesafiri. Novemba 23, 2018 mahakama ikafuta dhamana ya wote wawili, wakapelekwa Segerea. Walikaa huko mpaka Machi 7, 2019, Mahakama Kuu ilipoirudisha dhamana yao. Hesabu mwenyewe: siku 104. Na katika siku zote hizo hapakuwa na hukumu. Kesi ya msingi ilikuwa bado inasubiri.

Hukumu ilikuja Machi 10, 2020. Walitiwa hatiani, na hapo sasa ndipo neno faini linapoingia kwa mara ya kwanza. Washtakiwa tisa walitozwa jumla ya shilingi milioni 350, Mbowe peke yake milioni 70, na asiyelipa angetumikia miezi mitano jela. Tazama mpangilio wake: kwanza hatia, halafu adhabu. Adhabu yenyewe ni faini, na jela imekaa nyuma yake kama mbadala kwa asiyelipa. Faini haina ahadi ya kurudi, ukilipa umelipa, inaingia serikalini. Watu wengi walichanga na viongozi wale wakatoka. Nakumbuka kwetu wapo waliosema "wametoka kwa dhamana", lakini hawakutoka kwa dhamana. Walitoka kwa sababu walikuwa wamemaliza adhabu yao kwa fedha.

Mbona basi Juni 2021 tukasikia fedha zirudishwe? Kwa sababu walikata rufaa, na Mahakama Kuu ilifuta ile hatia. Hatia ikiondoka, faini haina pa kusimama, ikaamriwa irudishwe. Lakini zile siku 104 za Segerea hakuna mahakama inayoweza kumrudishia mtu. Mimi nafikiri hapo ndipo ulipo uzito wote wa dhamana. Fedha ya faini inaweza kurudi kwa amri ya mahakama, siku za mahabusu haziwezi. Nikisikia mtu anasema dhamana ni huruma kwa wahalifu, namjibu na hilo kwanza.

Na kabla mwezi mmoja haujapita baada ya uamuzi ule wa rufaa, Mbowe akakamatwa tena Mwanza, Julai 21, 2021, na kufunguliwa mashtaka ya ugaidi. Safari hii habari ya wadhamini haikuwepo kabisa. Alikaa ndani zaidi ya miezi saba, mpaka Machi 4, 2022 upande wa mashtaka ulipoieleza mahakama kwamba hauna nia ya kuendelea na kesi. Hakukuwa na hukumu ya kumtia hatiani wala ya kumwachia huru. Alitoka tu.

Kwa nini hakuomba dhamana? Kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina kifungu, mawakili wamekizoea kwa namba 148, ambacho kinataja makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha na mengine. Ukishtakiwa kwa mojawapo, hakimu hajiulizi yale maswali yake. Hata kama una kihamba cha babu, watoto sita na miguu mibovu isiyoweza kukimbia popote, mlango umefungwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unapingana na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki.

Mimi hapa sikubaliani na sheria, na nalisema nikijua nitapata majibu. Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia kwa mjomba wangu mwenyewe: jambazi aliyeua akionekana sokoni siku ya tatu, wananchi watamchoma moto. Ni kweli, hofu hiyo ipo, nasi tumeona watu wakichomwa. Lakini hoja hiyo inamfaa hakimu aisikilize, aipime, akatae dhamana kwa mtu huyo kwa sababu hiyo. Haitoshi kuwafungia mlango wote wa kosa hilo kabla hata majina yao hayajasomwa. Maana anayechagua jina la kosa kwenye hati ya mashtaka ni upande wa mashtaka. Kosa likiandikwa kwa jina moja unalala kwako, likiandikwa kwa jina lingine unalala ndani mpaka upelelezi ukamilike. Nani asiyejua "upelelezi bado haujakamilika" ni sentensi yenye umri mrefu kuliko digrii yetu?

Tuache hayo makubwa, nirudi sokoni, kwa sababu wengi wetu tutakutana na dhamana ya ukubwa wa jirani yangu.

Baada ya zile wiki tatu, hakimu alikubali kumpa kijana dhamana upya, ila kwa masharti mazito zaidi: wadhamini wawili, wenye vitambulisho na barua za serikali ya kijiji, na mmoja wao awe mtumishi wa umma au mwenye mali isiyohamishika. Mama akafurahi. Mali isiyohamishika si shamba? Shamba lipo! Kaka wa marehemu mumewe ana kihamba huko Masama, migomba na kahawa mpaka kwenye mfereji. Ukiuliza bei ya ardhi kule siku hizi utashika kichwa. Baba mkubwa akavaa koti akashuka. Karani akamuuliza: hati iko wapi? Hati ya nini? Kihamba kinajulikana. Mipaka yake ni masale, na kila mtu wa ukoo anajua sale lipi lilipandwa na nani. Lakini sale halina muhuri. Mzee akapanda tena gari na koti lake, na kijana akalala mahabusu siku nne zaidi, mpaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipokubali kusaini.

Hapa ndipo ninapolalamika kama mtoto wa mlimani. Sharti la mali lina maana yake, mdhamini lazima awe na cha kupoteza. Ila kule kwetu mtu hana kikubwa cha kupoteza kuliko kihamba, na uso wake mbele ya ukoo. Wapo mahakimu wanaopokea barua ya mtendaji inayothibitisha umiliki na thamani, na wapo wanaotaka hati pekee. Tofauti hiyo, kwa kesi ile ile, ndiyo inayoamua nani alale wapi. Nadhani barua ya kijiji iliyosainiwa na mwenyekiti na mtendaji ingetosha kwa makosa madogo kama haya, na nadhani anayeombewa dhamana angekimbia kwa shida sana akijua kihamba cha baba mkubwa ndicho kitakachoguswa.

Kesi ikaenda, shahidi wa jicho akaja, daktari akaja na karatasi yake, kijana akaonekana ana hatia. Adhabu: faini shilingi laki mbili au kifungo cha miezi sita, na juu yake fidia ya shilingi laki moja na nusu kwa aliyeumia. Nilikuwepo siku ile, likizo. Mama akamsogelea karani, kwa heshima kabisa, akasema: "Baba, ile laki tuliyolipa mwanzo itolewe humo, sisi tumalizie laki moja."

Karani akamwangalia. "Laki ipi, mama?"

Sikuwa na pa kuweka uso. Ilibidi nimvute pembeni nimweleze, na kumweleza mama aliyeuza mikungu kwa hasara kwamba ile laki haipo kwenye kitabu chochote si kazi ndogo. Ingekuwa amana yenye risiti, angeidai. Faini haikuwa, kwa sababu siku ile hapakuwa na hatia. Fidia nayo haikuwa, maana fidia inakwenda kwa mwenye jicho. Akaniuliza, "Sasa ilikuwa nini, mwanangu?" Nikamwambia kweli, ilikuwa rushwa. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama dhamana ya mwalimu nayo tunatakiwa kumrudishia kitu. Nikamwambia hapana, mwalimu hakutoa hata senti, alitoa jina lake, na leo amefunguliwa.

Faini ililipwa kwa namba ya malipo ya serikali, risiti ikatoka, na safari hii mama aliikunja akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Kwa hiyo, mwanachuo, siku rafiki wa chumba kimoja akikupigia yuko kituoni, na itatokea, jua unachoombwa. Kituo kinatakiwa kumwachia kwa dhamana au kumpeleka mahakamani, na kwa makosa ya kawaida sheria inahesabu saa 24. Ukiambiwa kiasi, uliza swali moja kwa upole: hicho ni kiasi cha bondi, au ni fedha ya kuweka? Kama ni bondi, unasaini. Kama ni ya kuweka, unapewa risiti. Ukikosa majibu yote mawili, omba kuonana na mkuu wa kituo. Usianze na maneno ya "mimi ni msomi", hayasaidii, nimejaribu.

Na kabla ya kusaini jiulize kama unamjua huyo mtu vya kutosha. Sahihi yako siyo salamu. Akitoroka utaitwa ueleze kwa nini usilipe kile kiasi kilichoandikwa, na ukishindwa kulipa mali yako inaweza kushikwa, na mwisho wake unaweza kuwa wewe kuingia ndani. Bumu halitakuokoa. Ukiona anaanza kuyumba, anazungumzia safari, simu hapokei, sheria inakuruhusu urudi kwa hakimu mapema uombe kujitoa. Utaitwa msaliti, lakini yeye ndiye aliyevunja ahadi kwanza.

Mwezi uliopita nami nimesaini kwa ajili ya mtu, mtoto wa shangazi, kesi ndogo ya pikipiki. Bondi milioni moja, fedha ambayo sijawahi kuishika kwa pamoja. Tarehe zake zote nimeziandika nyuma ya daftari la Saikolojia ya Elimu, na kila jioni ya kuamkia tarehe nampigia simu. Juzi alinijibu kwa hasira, "Kwani wewe umekuwa polisi?" Nikamwambia kesho saa mbili na nusu, uwe umeshanyoa.